Hotuba ya kofia na mishumaa: useme nini juu ya huruma?

"Mimi ni muuguzi hapa Arua, mwaka wa 11 kazini. Chuo nilichosomea kimeniomba nihutubie mahafali ya wanafunzi wapya wa uuguzi. Wamemaliza muhula wa kwanza wa darasani. Siku hiyo wanavishwa kofia, wanawasha mishumaa, halafu wanaingia wodini. Mkuu wa chuo anataka niwashukuru walimu na niwahimize vijana wawe na huruma isiyochoka. Nimeandika kurasa sita, nimezichana zote. Naogopa mambo mawili. Mimi mwenyewe nimewahi kumfokea mgonjwa, sasa nitawahubiria nini? Halafu nikifika kwenye kisa cha mtoto aliyefia mikononi mwangu, sauti inakatika. Niseme nini, na kwa muda gani?"

Dada yangu, hotuba yako imo ndani ya yale unayoyaogopa, hasa lile la kufoka. Lakini kwanza mwendee mkuu wa chuo umwombe ruhusa ya kubadilisha neno moja. Huruma isiyochoka haipo. Nimefundisha uuguzi miaka mingi na sijamwona mtu aliye nayo. Ukiwaambia vijana ipo, watakapochoka kwa mara ya kwanza, pengine mwezi wa pili wodini, kila mmoja atadhani yeye ndiye mbovu peke yake, na ataficha. Ipo huruma inayodumu. Hiyo huchoka kama mwili unavyochoka, ila kazi yake haikatiki. Wahimize hiyo.

Wengi tunakosea tukidhani huruma ni kuumia pamoja na mgonjwa. Kiswahili chenyewe kinatuvuta huko, maana kuuguza kumezaliwa na kuugua, na ni rahisi kuamini kwamba muuguzi mzuri ni yule anayeugua kidogo na kila mgonjwa. Watafiti wa ubongo, akiwemo Tania Singer wa Ujerumani na wenzake, wamechunguza jambo hili kwa kuwapiga watu picha za ubongo huku wakitazama watu wengine wakiteseka. Waliojizoeza kubeba maumivu ya mwingine, sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu ziliamka, na wao wenyewe wakajisikia vibaya zaidi. Waliojizoeza kumtakia mwenzao heri na kutaka kumsaidia, ziliamka sehemu nyingine, zile za upendo na ukaribu, na hawakuzama. Kwa nje hali hizi mbili zinafanana. Tofauti yake ni kwamba ya kwanza humgeuza mtu ajitazame mwenyewe, atafute njia ya kuyakimbia yale maumivu. Ndiyo maana muuguzi aliyelia sana mwaka wa kwanza ndiye mara nyingi unayemkuta mwaka wa tatu akipita kitandani bila kumtazama mgonjwa usoni. Hajawa na moyo mbaya. Amefunga mlango kwa sababu hakufundishwa njia nyingine ya kukaa ndani ya nyumba.

Nikupe kisa changu, nawe unaweza kukitumia bila kunitaja. Nilikuwa kijana, zamu ya usiku, wodi ya watoto, katika hospitali ambayo sitaitaja. Siku zile malaria kali tuliitibu kwa kwinini ya dripu kila baada ya saa nane. Kulikuwa na mtoto wa miaka miwili na mama yake, mwanamke aliyekuwa amezika mtoto mwingine mwaka uleule. Nilikaa naye kwenye mkeka, nikamshika mikono, tukalia pamoja. Nilijiona muuguzi wa kweli usiku ule. Dozi ya saa sita usiku ilipita, sikuona. Mwenzangu, dada mmoja ambaye sote tulimwita mkavu, alikuja na taa yake kwa sababu ulikuwa wakati wa raundi. Alimgusa mtoto, akamkuta amelegea, jasho la baridi limemtoka. Hatukuwa na kipimo cha sukari wodini usiku ule. Hakungoja. Malaria kali hushusha sukari mwilini, na kwinini huishusha zaidi. Alimpa glukosi kwenye mshipa, akakaa naye mpaka mtoto akafumbua macho, ndipo akatundika dozi iliyochelewa. Alimaliza, akamfunika mama kanga iliyokuwa imemteleza begani, akaendelea na kitanda kinachofuata. Mimi nilikuwa na machozi yote, na yeye ndiye aliyemhurumia yule mtoto.

Kisa hiki kinabeba hotuba nzima, kwa sababu kinaonyesha mahali huruma inapoonekana. Iko kwenye saa. Leo tunatumia atesuneti, si kwinini, na wewe unaijua ratiba yake kuliko mimi: dozi ya kwanza anapofika, ya pili baada ya saa 12, ya tatu saa 24 tangu ya kwanza, halafu mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza dawa. Mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 30. Wanafunzi wa muhula wa kwanza usiwatajie miligramu, watajifunza. Waambie hivi tu: mtoto aliyefikishwa saa nane mchana, wodi imejaa watu, wakufunzi wapo, daktari yupo, dozi yake ya kwanza atapewa na watu wengi wenye huruma. Dozi yake ya pili ni saa nane usiku. Saa hiyo hakuna mkufunzi, hakuna daktari, mama amelala chini ya kitanda, na mwanafunzi ameketi kwenye kiti kigumu, macho mazito. Akiinuka, akachanganya dawa, akamwamsha mama taratibu amwambie anachokuja kufanya, basi ana huruma, hata kama moyoni hasikii chochote ila usingizi. Hilo la mwisho lisisitize. Vijana wanahitaji ruhusa ya kutosikia chochote saa nane usiku, wakafanya lililo sawa hata hivyo.

Usiishie kwenye dawa, kwa maana wako wauguzi wanaotoa kila dozi kwa wakati na wagonjwa bado wanawaogopa. Mimi nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu mambo matatu ya kila kitanda, na nashauri uwape hayohayo. Taja jina la mgonjwa, si "kitanda cha nne" wala "yule wa ini". Sema unachotaka kufanya kabla mkono haujamgusa. Na kabla ya kuondoka, sema utarudi lini, halafu urudi. La tatu ndilo gumu na ndilo linalojenga imani. Mgonjwa aliyeambiwa "narudi sasa hivi" na asimwone mtu mpaka jioni ameumizwa kuliko asiyeahidiwa kitu. Ni heri kumwambia "nina watu 40, nitafika kwako saa kumi," na saa kumi ukatokea mlangoni, hata kama ni kumwambia tu kwamba damu bado haijafika kutoka benki.

Utaambiwa hakuna muda. Ni kweli wodi zetu zimejaa, na kijana asidanganywe kwamba tabasamu linaweza kuziba pengo la wauguzi watatu wasioajiriwa. Ila mambo haya hayali muda tunaoudhania. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lao: wanawake, wengi wao waliowahi kuugua saratani ya matiti, walionyeshwa video ya daktari akieleza matibabu. Baadhi yao waliona video hiyo ikiwa na maneno machache ya upole yaliyoongezwa, daktari akisema anajua ni jambo gumu na kwamba watakuwa pamoja. Walioyasikia walipungukiwa na wasiwasi. Maneno yaliyoongezwa yalichukua sekunde 40. Sekunde 40 ni muda ambao muuguzi anautumia kutafuta plasta mfukoni.

Sasa tufike kwenye kisa chako cha kufoka. Kiseme. Usikitaje kwa kujipiga kifua wala kwa kuomba huruma ya hadhira. Kieleze kama unavyomweleza mwenzako kwenye makabidhiano ya zamu: nani, saa ngapi, kilitangulia nini. Nina hakika ukikaa na kumbukumbu hiyo utakuta kulikuwa na usiku wa tatu mfululizo, au hujala tangu asubuhi, au glovu zimekwisha na ndugu wa mgonjwa anakulaumu wewe kana kwamba ndiwe unayezificha. Sababu hizo haziondoi kosa, lakini zinaonyesha mahali kamba inapokatikia, na kijana akipajua atapaona pakija. Wafundishe dalili zake kwa mwili: sauti inapanda yenyewe, mkono unaanza kuvuta shuka badala ya kulikunjua, unaanza kumwita mgonjwa "huyu" mbele yake mwenyewe. Dalili hizo zikija, mwambie mwenzako "nishikie kitanda hiki dakika tano," unawe uso, unywe maji. Na kama umeshachelewa, umeshafoka, bado kuna kazi moja. Ningeandika sehemu hiyo hivi, nawe uirekebishe kwa maneno yako:

"Mwaka fulani nilimfokea mama aliyekuwa anaogopa sindano. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na makosa. Nilikaa siku nzima najiambia atasahau. Jioni nilirudi kitandani kwake, nikapiga magoti ili nimtazame usawa wa macho, nikamwambia: mama, asubuhi nilikukosea, samahani. Alinishika mkono akaniuliza kama nimekula. Kofia mnayovaa leo haitawazuia msikosee. Ikiwakuta mmekosea, rudini kitandani."

Kama hukurudi kitandani, usiseme ulirudi. Sema hukurudi, na kwamba unakijutia kitanda hicho hadi leo. Ukweli huo utafanya kazi ileile.

Kuhusu kuwashukuru walimu, hapo ndipo hotuba nyingi za mahafali hufa. Msemaji husoma majina 14 kwa vyeo vyao, kila mmoja anapigiwa makofi mepesi zaidi ya aliyemtangulia, na hakuna anayejua alishukuriwa kwa lipi. Vyeo mwachie mshereheshaji. Wewe chagua kitendo kimoja ambacho mkufunzi mmoja alikufundisha, kisimulie mpaka mikono ionekane, halafu sema kilikuwa na faida gani kwa mgonjwa gani. Walimu wengine hawataona wivu. Mwalimu akisikia kitendo cha kweli cha ualimu kinashukuriwa, hujiona ndani yake. Mimi nina wangu. Mkufunzi wetu wa vitendo alitulaza mmoja mmoja kwenye kitanda cha chumba cha mazoezi, chali, shuka mpaka kifuani, halafu akawaambia wengine wasimame pande zote na kuzungumza juu yetu kwa dakika kumi bila kutuangalia. Tulicheka mwanzoni. Kufikia dakika ya sita nilikuwa nahesabu madoa ya dari na natamani mtu mmoja aniulize kitu. Sijawahi tena kuzungumza juu ya mgonjwa nikiwa nimesimama juu yake bila kumgeukia. Huyo mkufunzi hakutufundisha neno huruma hata mara moja.

Kwako huenda ni yule aliyekurudisha uoshe mikono upya mara tatu, au aliyekataa kusaini daftari lako la vitendo kwa sababu ulichoma sindano vizuri lakini hukumsalimu mgonjwa. Wakati ule ulimchukia; sema hivyo pia, kwa upole. Na katika shukrani usiwasahau wauguzi wa wodini ambao hawamo kwenye orodha ya chuo, wanaomshika mwanafunzi kiwiko anapotafuta mshipa kwa mara ya kwanza, wala wagonjwa waliotupa mikono yao tujifunzie. Hao ni walimu waliolipa kwa ngozi zao. Sentensi mbili zinawatosha, ila ziwepo.

Mishumaa itakushawishi umtaje Florence Nightingale, yule muuguzi Mwingereza wa taa. Mtaje, lakini msahihishe mshereheshaji kimoyomoyo akisema kiapo cha wauguzi aliandika yeye. Kiliandikwa mwaka 1893 kule Detroit, Marekani, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, kikapewa jina lake kwa heshima. Na taa yake ielezwe ilivyokuwa. Kule Skutari, kwenye vita vya Krimea, alizunguka nayo usiku kuwatazama askari, ni kweli, lakini askari waliendelea kufa mpaka tume ya usafi ilipofika Machi 1855, ikasafisha mitaro ya maji machafu na kupitisha hewa. Yeye mwenyewe baadaye alitumia miaka akichora takwimu kuonyesha kwamba magonjwa yaliyozuilika ndiyo yaliyoua wengi kuliko majeraha. Kwa hiyo taa ile ilikuwa ya kuangalia na kuhesabu. Ukisema hivyo wakiwa wameshika mishumaa iliyozimwa, wataukumbuka moto wake kwa namna nyingine.

Hapa kwetu Uganda tuna kisa kikubwa kuliko hicho, cha hospitali ya Lacor, Gulu. Oktoba 2000 Dk. Matthew Lukwiya alikuwa Kampala masomoni alipoitwa kwa simu: kuna ugonjwa usiojulikana, na umeshaua wanafunzi wa uuguzi. Ilikuwa Ebola. Alirudi, akafungua wodi ya kuwatenga wagonjwa, na wauguzi waliojitolea wakaingia naye. Baadhi yao walikufa, naye akafa tarehe 5 Desemba 2000. Mlipuko ule uliua watu 224 nchini. Je, uwasimulie vijana wa miaka 19 siku ya kofia? Nimelifikiria sana. Nasema ndiyo, kwa sharti moja: usiwafundishe kwamba upendo ni kufa. Inaaminika Lukwiya aliambukizwa usiku alipoitwa haraka kumsaidia muuguzi mgonjwa, akaingia na barakoa, glovu na gauni, ila macho hayakuwa na kinga. Waambie na hilo. Mtu yule alijua kanuni kuliko wote, na dakika moja ya haraka ilitosha. Kuvaa kinga kamili wakati mgonjwa analia ni sehemu ya kumhurumia, na vilevile kuwahurumia wagonjwa 40 watakaokuhitaji wiki ijayo. Ukiona huwezi kukisimulia chote, kiache kabisa. Nusu ya kisa hiki ni hatari.

Nimebakiza mtoto wako kwa makusudi. Jipime hivi: msimulie rafiki mmoja kisa hicho, kwa sauti, mara tatu katika siku tofauti. Ikiwa mara ya tatu sauti inatetemeka lakini unafika mwisho, unaweza kukipeleka jukwaani, na kutetemeka hakutamdhuru mtu. Ikiwa unakwama palepale kila mara, usikipeleke. Wanafunzi watageuka kukuuguza wewe, na watakachokumbuka ni hofu. Tumia kisa cha dozi ya saa nane usiku badala yake. Na nikuulize kama ningekuwa nimekaa mbele yako: unalala? Mtoto huyo anakujia bila kuitwa, ukiwa sokoni au unapika? Unakikwepa kile kitanda? Kama mambo hayo yamekuwepo zaidi ya mwezi, au umeanza kutafuta pombe ili ulale, barua yangu haitoshi. Nenda ukaonane na mtu kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, au mshauri unayemwamini, uso kwa uso, kabla ya mahafali. Ungemwambia mgonjwa wako hivyohivyo, na ungemsindikiza mpaka mlangoni.

Muda: dakika nane. Mtu akisoma kwa utulivu hutamka maneno kama 100 kwa dakika, kwa hiyo andika 800, kurasa mbili na kidogo. Mahafali yetu unayajua: wimbo wa taifa, wimbo wa Jumuiya, sala, mwakilishi wa wilaya, mwakilishi wa wazazi, na jua la saa saba juu ya hema. Zungumza Kiswahili kama ulivyokusudia. Hapo Arua kuna Mlugbara, Mkakwa, Mualuri, Mmadi na jirani kutoka Kongo kwenye benchi moja, na ndicho Kiswahili watakachokitumia kitandani kwa mgonjwa ambaye hawajui lugha ya mama yake. Neno "pole" wanalo wote. Waonyeshe tu kwamba linasemwa mkono ukiwa umetulia, si huku ukivuta dripu.

Nenda chuoni siku mbili kabla, wewe mwenyewe, si kwa simu. Muulize mkuu kama kuna mwanafunzi aliyefiwa muhula huu au aliyeacha masomo, ili usikanyage kidonda usichokijua. Muombe mishumaa izimwe kabla hujaanza, maana nta huwachoma vidole na hawatakusikia. Kisha malizia hotuba kwa saa: waombe waliovaa saa waitazame, waambie ni saa ngapi, na kwamba saa hii katika wodi fulani dozi ya mtu imefika. Ukishasema hivyo, kaa chini.